Nusu saa ya mpira wa wanawake: epsodi moja tangu jingo mpaka ratiba

(Mazungumzo niliyoyatoa Chake Chake kwa vijana wanaotaka kuanzisha podikasti ya ligi za wanawake. Nimeyaandika kama nilivyosema, nimepunguza vicheko tu na yale maneno ya kumtafuta mwenye funguo ya ukumbi.)

Assalaam alaykum wadogo zangu, na shikamooni wakubwa mliokaa nyuma huko, nimekuoneni. Nimeshuka botini asubuhi na bado kichwa kinayumba kidogo, kwa hiyo nikisema kitu mara mbili mnistahamilie.

Nilipoalikwa niliambiwa nizungumze kuhusu podikasti ya mpira wa wanawake. Nikasema mie hotuba za jumla siziwezi, nitakuja na karatasi moja. Karatasi yenyewe hii hapa, mpangilio wa epsodi moja ya dakika 30, na tena ni epsodi ambayo niliikosea nikaja kuomba radhi wiki ya pili. Tutaipitia tangu mwanzo mpaka mwisho, na pale nilipoharibu tutasimama.

Kwanza kwa nini dakika 30. Si kwa sababu ya utaalamu wowote, ni bando. Ukitoa faili la mp3 la sauti ya mono kwa kiwango cha kilobiti 64 kwa sekunde, dakika 30 zinakula kama MB 14 na nusu hivi, mtu anashusha bila kulalamika. Ukiweka 128 inakuwa mara mbili yake na kwa maneno matupu sikio halijui tofauti. Saa nzima nilijaribu mwanzoni, watu wakawa wananambia "dada tumesikiliza mwanzo", kila wiki mwanzo, nikajua hawafiki mwisho.

Haya, karatasi inasema hivi:

0:00 mpaka 0:50, mlango
0:50 mpaka 5:00, matokeo na msimamo
5:00 mpaka 16:00, mechi moja
16:00 mpaka 20:00, sheria ya wiki
20:00 mpaka 27:00, mgeni
27:00 mpaka 29:00, voisi za wasikilizaji
29:00 mpaka 30:00, ratiba

Muone, naandika saa ya kuingia na saa ya kutoka, siandiki "dakika 4" peke yake, kwa sababu ukiandika urefu tu hujui umechelewa mpaka umefika mwisho, lakini ukiandika 16:00 na saa ya kompyuta inasema 17:20 unajua hapo hapo kwamba una deni la dakika moja na sekunde ishirini na kuna mtu atalilipa. Kwangu mimi anayelipa ni voisi za wasikilizaji. Nimeshaamua kabla ya kurikodi, pale pembeni nimeandika "hichi ndo cha kukata", ili nisije nikaanza kujadiliana na nafsi yangu usiku saa tano.

Mlango ni sekunde 50. Sekunde 8 za mwanzo ni sauti ya uwanja tu, halafu sentensi moja ya kilichotokea, halafu jingo. Sentensi ya epsodi hii ilikuwa: "Wageni walikuja tisa, wakaongoza bao moja, na mechi haikumalizika." Basi. Sikusema karibuni tena wapenzi wasikilizaji wa podikasti yenu pendwa, maana hayo maneno yanakula sekunde 20 na msikilizaji kakaa nje ya mlango anangoja.

Sasa matokeo. Hapa ndo wengi wanapotupa epsodi yao. Anachukua matokeo ya wasapu, anasoma mechi zote kwa mfululizo, dakika 12 zimekwisha na hakuna kilichobaki kichwani mwa mtu. Maneno yetu ya Kiswahili ni marefu, mie nikisoma kwa raha napata maneno 110 mpaka 120 kwa dakika, kwa hiyo dakika 4 na sekunde 10 ni maneno kama 450 basi. Mashindano yale yalikuwa ya timu 8, wiki moja mechi 4, nikazipa maneno 60 kila moja na yaliobaki msimamo. Ukitaka zaidi ya hapo unataka gazeti.

Lakini shida kubwa si urefu, shida ni kwamba takwimu zetu hakuna anayekutengenezea. Ligi kubwa za wanaume utakuta mtu kaweka, huku chini unatengeneza mwenyewe kwa eksel na fomu ulizopiga picha kwa kamisaa wa mechi. Na fomu zina mambo. Wasichana watatu wa timu moja wote jina la mwisho Juma, mwengine kaandikwa jina la utani, mwengine jezi kabadilishana na mwenzake mapumziko kwa sababu ya kwake imechanika na hakuna ya akiba. Sasa wewe uko jukwaani unaandika "namba 14 kafunga" na namba 14 wa kipindi cha pili siye yule wa kwanza.

Utajuaje umekosea? Kuna hesabu mbili nafanya kila wiki na haziniongopei. Ya kwanza, chukua ile safu ya tofauti ya magoli ya timu zote ujumlishe, jawabu lazima iwe sifuri, maana kila goli alilofunga huyu kafungwa yule. Ikitoka 2 au kasoro 1 kuna matokeo umeyaingiza upande mmoja tu, hata usilale. Ya pili ndo tamu zaidi. Mwisho wa mzunguko wa kwanza tulikuwa tumecheza mechi 28, kwenye msimamo kulikuwa na magoli 73, na orodha yangu ya wafungaji ilikuwa na magoli 64. Yamepungua 9. Nikaanza kuyatafuta. Kulikuwa na ushindi wa mezani mara mbili, na wa mezani unaandikwa 3-0 lakini hana mfungaji, hayo ni 6. Kulikuwa na waliojifunga wawili, hao siwaweki kwenye orodha ya wafungaji, tumefika 8. Limebaki goli moja halina mama. Nikarudi kwenye picha za fomu moja baada ya moja, nikalikuta, ndo yule wa jezi iliochanika, niliandika namba, nikaitafuta namba kwenye fomu, jina halikulingana, nikaacha nafasi wazi nikisema nitauliza kesho. Sikuuliza. Mtoto wa watu kafunga goli lake la kwanza la ligi na mie nimelifukia wiki tano.

Kwa hiyo sasa siondoki uwanjani mpaka nimeshamwendea kapteni wa kila timu na kumuuliza, magoli yenu kafunga nani. Dakika mbili tu, kabla hawajavua viatu.

Na msimamo wenyewe una uzito, musidhani tunacheza. CAF wameanzisha Ligi ya Mabingwa ya wanawake 2021, na bingwa wa Zanzibar anapita mchujo wa CECAFA, JKU Princess walikwenda Uganda 2023 kwa njia hiyo hiyo. Timu za chini zinazotaka kupanda huko zinahesabu kila pointi, na wachezaji wanasikiliza podikasti kujua wako wapi. Nalisema hili kwa sababu ya lile nililolifanya mie, tunalifikia sasa hivi.

Dakika ya 5 mpaka ya 16 ni mechi moja. Moja. Dakika 11 nzima. Wengine wananambia utawaudhi wa timu nyengine, wataudhika wiki moja kisha zamu yao itakuja, lakini mtu akisikiliza dakika 11 za mechi moja ilioelezwa vizuri atakaa, hata kama hajui timu.

Nachaguaje mechi? Siangalii wachezaji wakipasha moto. Naangalia benchi. Nafika nusu saa kabla, namwomba kamisaa nitizame fomu, nahesabu majina na nahesabu vichwa. Ligi zetu hizi habari kubwa mara nyingi iko kwenye idadi ya watu kabla ya filimbi. Siku ile wageni, jezi za manjano, walikuwa na majina 16 kwenye fomu na wasichana 9 uwanjani. Nikamuuliza kocha wao, wengine wako wapi? Akanihesabia kwa vidole: wawili wana mtihani kesho, mmoja harusi ya dada yake, watatu wamekosa nauli ya gari ya pili, na mmoja baba yake kesha ondoa ruhusa. Nikasema hii ndo mechi yangu, hata mpira haujatiwa kati.

Zile dakika 11 nilizigawa hivi. Dakika 2 za mwanzo ni hiyo hesabu ya vidole ya kocha, kwa sauti yake mwenyewe. Halafu dakika 5 za mchezo, na humo nimechukua mambo manne tu. Dakika ya 17 manjano wanapiga faulo ndefu, kipa wa wenyeji, jezi za kijani, anatoka anarudi, hajui aende wapi, mpira unamdundia mbele unaingia, 1-0 watu tisa wanaongoza. Dakika ya 38 beki wao anateguka kifundo, hakuna wa akiba, wako 8. Dakika ya 55 kiungo wao anapata njano ya pili kwa kuuchelewesha mpira, wako 7. Dakika ya 61 kipa misuli imemkaza miguu yote miwili, kalala, kajaribu kusimama mara mbili, hawezi. Wako 6. Refa anaangalia saa, anamwita kapteni, anazungumza naye kidogo, halafu filimbi ndefu.

Na dakika 4 za mwisho nikaacha sauti. Nilikuwa nimesimama nyuma ya goli na simu, nimeivisha soksi ya mpira, ndio, soksi safi jamani musinicheke, maana upepo wa kusi ukiingia kwenye maiki unasikia kama bati linapigwa, soksi moja na mgongo wako uupe upepo tatizo limekwisha. Unasikia kabisa filimbi, kimya, halafu mtoto mmoja wa manjano anasema "lakini tunaongoza". Sikuongeza neno juu yake.

Sasa kosa langu. Ilikuwa Jumamosi, narikodi usiku huo huo epsodi itoke Jumapili. Nikaingia kwenye matokeo na msimamo nikasema kwa sauti ya uhakika kabisa: kijani wamepata pointi tatu na magoli matatu ya mezani. Nikaiweka kwenye msimamo. Kijani walikuwa na pointi 9, nikawafanya 12, nikawapandisha kileleni juu ya wenye 11. Kapteni wao kaja kunambia baadae kwamba aliisikia ndani ya daladala, akapiga kelele mpaka konda akauliza kuna nini.

Sheria haisemi hivyo. Sheria ya 3 ya mchezo inasema mechi haianzi wala haiendelei kama timu moja ina wachezaji chini ya 7. Refa kwa hiyo alikuwa sawa kuivunja. Lakini sheria ya 7 inasema mechi iliovunjika inarudiwa, isipokuwa kanuni za mashindano au waandaaji waamue vyengine. Maana yake refa anavunja na kuandika ripoti, pointi hagawi yeye. Zile 3-0 unazozijua zinakuja kwa uamuzi wa kikao, na kikao kinakaa siku nyengine. Hichi kikao kikaamua irudiwe. Ikarudiwa, manjano walikuja 14, ikaisha 1-1, kijani wakawa na pointi 10 na nafasi ya tatu. Kutoka wa kwanza mpaka wa tatu, na aliewapandisha ni mie wala si mpira wao.

Maneno niliopaswa kuyasema ni haya, na sasa nimeyabandika ukutani: "Mechi imevunjika dakika ya 61, wageni wakiongoza 1-0, ripoti iko kwa waandaaji." Na msimamo, kabla ya kuusoma unasema "msimamo huu una mechi 19 kati ya 20". Lazima useme kabla, kwa sababu kwenye karatasi unaweka alama ya nyota na mtu anaiona, lakini sauti haina nyota, ukishasoma wa kwanza ni fulani mtu keshashika hilo na ameshapiga kelele kwenye daladala.

Ndo pale sheria ya wiki, 16:00 mpaka 20:00, inafanya kazi. Isiwe darasa. Itoke kwenye mechi ilioelezwa sasa hivi, ile ile. Wiki ya pili nilitumia dakika zote 4 kuomba radhi na kusoma hizo sheria mbili taratibu. Sheria nyengine iliotuletea voisi nyingi kuliko zote ni ya mtandio, maana kuna wazee bado wanaamini refa anaweza kumtoa mtoto kwa kufunika kichwa. Imeruhusiwa tangu 2014. Rangi iwe nyeusi au rangi kuu ya jezi, timu nzima rangi moja, usishonwe na jezi, usiwe na ncha zinazoning'inia wala kitu cha hatari shingoni. Kwa hiyo pini unaacha nyumbani. Wiki ya mtandio nilimleta bi mmoja fundi cherehani aeleze anavyoishona ya kuvuta isiofunguka, dakika 4 zikawa chache.

Mgeni, 20:00 mpaka 27:00. Narikodi dakika 12 nabakisha 7. Mechi inaanza saa kumi jioni, weka dakika 90 na mapumziko 15 na zile za nyongeza, unafika saa kumi na mbili kasorobo na zaidi kidogo, kwa hiyo mpaka Maghrib una kama nusu saa tu na wachezaji wana njia ndefu. Usimkalishe mtu. Na usimuulize unajisikiaje, atakwambia namshukuru Mungu na kocha wangu na wachezaji wenzangu, amekwisha. Muulize mpira ulikuja mguu gani. Yule kipa nilimuuliza misuli ilianza kukaza dakika ya ngapi, akanambia "ya 56, lakini nilijua nikisema tu tutakuwa sita", na hapo nikanyamaza akazungumza dakika tatu peke yake. Yale maswali ya mumeo anasemaje, wazazi wanasemaje, mie nimeyaacha, akitaka ataleta mwenyewe. Na akiwa chini ya miaka 18 nampigia mzazi kwanza, na kwenye epsodi sitaji skuli yake wala mtaa.

Siku ile kipa alikwenda dakika 9 na nusu, sikuwa na moyo wa kumkata, kwa hiyo voisi za wasikilizaji zikafa zote na ratiba ikapata sekunde 30. Deni limelipwa.

Ratiba nasoma mwisho kabisa na nasoma mara mbili, siku, saa, uwanja, bila maelezo. Naitoa Jumapili lakini Alkhamis nampigia mtu wa mashindano kuhakikisha, maana uwanja unaweza kuchukuliwa na shughuli nyengine, na huku kwetu mechi ya wanawake ndo inayohamishwa kwanza, hilo mnalijua. Ikihamishwa natoa voisi ya sekunde 40 kwenye kundi, singoji epsodi.

Haya. Nani kaja na fomu ya mechi ya Jumamosi iliopita? Wewe bibie mwenye buibui la mchirizi, leta hapa, na mwenzako ashike saa. Tuhesabu majina kwanza halafu vichwa.